Barua ya bosi imeshahukumu, na mahojiano ni Alhamisi

*Mama, shikamoo.*

*Mimi ni afisa rasilimali watu katika kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza, huu ni mwezi wangu wa saba. Wiki iliyopita binti mmoja wa meza ya kukata minofu alikuja kulalamika kuhusu supavaiza wake wa zamu. Anasema siku moja, kwenye korido ya chumba cha kubadilishia nguo, supavaiza alimwambia, "Ukinielewa, zamu za usiku utazisikia kwa wenzako." Siku tatu baadaye akamshika kiuno mlangoni mwa chumba cha ubaridi. Jumatatu iliyofuata ratiba ikabandikwa, na yeye kapangwa usiku wiki mbili mfululizo. Nimeandika maelezo yake, kayasoma na kusaini.*

*Nilipompelekea meneja, aliandika barua mwenyewe, dakika kumi haikufika: "Umebainika kuwa na tabia ya kuwanyanyasa wafanyakazi wanawake kingono na kudai rushwa ya ngono. Kitendo chako cha kumshika mwathirika kimeidhalilisha kampuni. Jieleze ndani ya saa 24 kwa nini usiachishwe kazi." Anataka niisaini, nimkabidhi supavaiza, halafu nimhoji Alhamisi.*

*Moyo wangu unakataa kuisaini. Lakini nikiandika ya kwangu inakuwa laini mpaka haisemi kitu. Niliandika "kuna suala la mahusiano kazini tungependa kulizungumza nawe", meneja akacheka. Niandikeje? Na jina la binti nilitaje?*

*Afisa, Mwanza*

Marahaba mwanangu.

Usiisaini. Na hiyo yako ya "suala la mahusiano" usiipeleke pia, meneja alikuwa na haki ya kucheka. Supavaiza akisoma barua ya bosi ataona hana haja ya kujibu, maana ameshahukumiwa. Akisoma yako hatakuwa na cha kujibu, maana hajaambiwa kitu.

Kwanza ujue unaandika barua gani. Kwa Tanzania, mambo haya yameelezwa katika Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Ifungue kanuni ya 13. Inaanza kwa kumtaka mwajiri afanye uchunguzi, ajue kama kuna sababu ya kuitisha kikao cha nidhamu. Sababu ikiwepo, ndipo mfanyakazi anaarifiwa tuhuma zitakazosikilizwa kikaoni, kwa namna na lugha anayoweza kuielewa, na anapewa muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Hapo anaweza kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia.

Wewe hujafika huko. Una maelezo ya mtu mmoja, na Alhamisi unakwenda kuyasikia ya wa pili. Kwa hiyo barua yako ni taarifa ya malalamiko na mwito wa mahojiano, basi. Ile ya "jieleze kwa nini usiachishwe kazi" inamwuliza mtu kuhusu adhabu wakati hata kosa halijathibitishwa, na hata ukiihamishia kwenye hatua ya kikao bado ni barua mbaya.

Siku mambo yakifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, barua hii itakuwa kielelezo. Mwakilishi wa supavaiza ataishika mkononi na kukuuliza swali moja tu: "Tarehe 19 mlimwandikia kwamba amebainika. Mlimhoji tarehe 22. Alibainika lini?" Nimewahi kukaa upande wa mwajiri swali la namna hiyo likiulizwa. Kimya cha chumba kile ni kirefu.

Sasa tuipasue barua ya bosi neno kwa neno.

"Umebainika" nimeshalisema. Linalofuata ni "tabia". Binti hakulalamikia tabia. Amelalamikia maneno ya siku moja, kushikwa kwa siku nyingine, na ratiba. Ukimwandikia mtu kwamba ana tabia fulani, unamtaka ajitetee kwa maisha yake yote, na yeye ataleta mashahidi ishirini wa kusema ni baba mwema na anaimba kwaya. Mahojiano yatapotea hapo. "Wafanyakazi wanawake" vilevile: mlalamikaji ni mmoja, na wingi huo meneja kautoa kichwani mwake.

"Rushwa ya ngono" ndiyo nzito kuliko zote. Hilo ni kosa la jinai, limo katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Rudi kwenye maelezo aliyosaini binti uangalie kama ametamka neno hilo. Kwa ulivyoniandikia, hakulitamka. Alinukuu sentensi: "Ukinielewa, zamu za usiku utazisikia kwa wenzako." Mimi na wewe tunajua "ukinielewa" ya korido ya chumba cha kubadilishia nguo huwa ina maana gani. Lakini supavaiza anaweza kusema hakutamka kabisa, au alitamka akiwa anazungumzia kuchelewa kazini, na kusikiliza hayo ndiyo kazi ya Alhamisi. Wewe weka sentensi ndani ya alama za kunukuu, kama ilivyosemwa na binti, usiitafsiri. Sentensi iliyonukuliwa inamtaka ajibu kwa ndiyo au hapana. Jina la kosa linamfungulia mlango wa kubishana nawe kuhusu maana ya sheria.

Halafu "mwathirika". Ukimwita binti mwathirika umeshasema kuna aliyemwathiri. Yeye ni mlalamikaji, na supavaiza ni mlalamikiwa. Hata "mtuhumiwa" mimi huliepuka katika barua ya hatua hii, linanuka kituo cha polisi.

Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu Kiswahili chetu kina mitego ambayo hata mwandishi mwangalifu hunasa. Ukiandika "kitendo chako cha kumshika", umekubali kwamba kitendo kipo. Ukiandika "ulipomshika kiuno mlangoni", hiyo "-po-" ndogo imeshathibitisha kwamba alimshika, kilichobaki ni saa tu. "Sababu za wewe kumwambia maneno hayo" ni mtego uleule. Kila tuhuma iwe imefungwa ndani ya "mlalamikaji ameeleza kuwa" au "inalalamikiwa kuwa", na irudie hivyo kwa kila tuhuma. Usidhani ukishasema mara moja juu, basi huku chini unaweza kuandika "ulimshika" bila kitu. Karatasi ikikatwa katikati na kusomwa kipande, kila kipande kiwe bado cha haki.

Na mitego ya upande wa pili ipo. Mwenzangu mmoja, kwa kuogopa kuhukumu, aliandika "mlalamikaji anadai eti ulimtukana". Hiyo "eti" peke yake imeshamwita mwanamke mwongo. Hata "anadai", ingawa si kosa, masikioni mwa wengi ina harufu ya kutoaminiwa, na binti akija kuiona barua itamuumiza bure. "Ameeleza" na "amelalamika" hazimwegemei yeyote. Maneno ya kupunguza makali ni mabaya vilevile: "utani", "kutoelewana", "mguso wa bahati mbaya". Kushikwa kiuno kuandikwe kushikwa kiuno. Wewe ulipoandika "suala la mahusiano" ulidhani huelemei popote, kumbe ulikuwa umemtetea supavaiza kabla hajakuomba.

Sasa ratiba, ambayo inahitaji jicho jingine. Kwamba ratiba ilibandikwa Jumatatu na jina la binti liko zamu za usiku wiki mbili, hilo utalithibitisha mwenyewe kwa kufungua daftari. Ukishaliona, liandike wazi bila "inalalamikiwa". Ila kwamba alipangwa hivyo *kwa sababu* hakumwelewa supavaiza, hilo ni la mlalamikaji na linabaki ndani ya maneno yake. Barua nyingi huchanganya haya mawili. Ama afisa anatilia shaka hata karatasi iliyo ukutani, ama anaona karatasi ipo kweli na kudhani sababu nayo imethibitika.

Kuhusu jina: kwa malalamiko kama haya, ya maneno yaliyosemwa kwa mtu mmoja na mwili wa mtu mmoja, huwezi kulificha na bado ukategemea jibu la maana. Ukiandika "mmoja wa wafanyakazi wa zamu yako", supavaiza ataanza kubahatisha, atawauliza wasichana wa meza ile mmoja mmoja, na umeshawaweka wote hatarini. Litaje. Lakini kabla ya barua kutoka, mwite binti umwambie ana kwa ana: barua itakabidhiwa siku fulani saa fulani, jina lako litakuwemo, maelezo yako kamili sitayaambatisha, na hiki ndicho nilichoandika. Msomee sehemu ya tuhuma. Si kwa ajili ya kumwomba ruhusa ya kila neno. Unataka kujua kama ulimwelewa. Mara nyingi hapo ndipo mtu anasema, "Hapana, si kwenye korido, ni pale kwenye ndoo za dawa ya viatu." Afadhali uambiwe sasa kuliko supavaiza aje kukuambia siku hiyo kwenye korido hakufika.

Majina ya mashahidi usiyaweke. Unamwarifu analalamikiwa nini, ushahidi utakuja baadaye.

Kabla hujamkabidhi, kuna kazi ya asubuhi moja. Chukua daftari la zamu au lipige picha kurasa za mwezi ule na uliopita. Kama kuna kamera kwenye korido au karibu na chumba cha ubaridi, omba picha za siku hizo zihifadhiwe leo, maana mitambo mingi hurekodi juu ya za zamani baada ya siku kadhaa. Ukitanguliza barua halafu ukaanza kutafuta daftari, usishangae kusikia limelowa maji ya samaki.

Kazi ya kupanga zamu pia aishike mtu mwingine kwa muda. Huo si mzigo wa adhabu, na barua iseme hivyo. Usimhamishe binti kwenda meza nyingine "kwa usalama wake" bila yeye kutaka, maana kiwanda kizima kitasoma kwamba aliyelalamika ndiye aliyeondolewa. Ukiona kweli haiwezekani supavaiza awepo eneo la kazi wakati wa uchunguzi, kanuni ya 27 ya tangazo hilohilo inaruhusu kumsimamisha kwa tuhuma nzito, kwa malipo kamili. Hiyo iwe barua yake peke yake. Kwa ulivyonieleza, mimi ningeanza na kumwondolea kalamu ya ratiba.

Hii hapa barua ambayo mimi ningesaini. Tarehe nimeziweka za mfano, uweke zako.

*Kumb. Na. ........*
*19 Mei 2025*

*Ndugu ........,*
*Msimamizi wa Zamu, Idara ya Uzalishaji*

*YAH: TAARIFA YA MALALAMIKO NA MWITO WA MAHOJIANO*

*Tarehe 14 Mei 2025 ofisi hii ilipokea malalamiko ya maandishi kutoka kwa Bi. ........, wa meza ya kukata minofu, yanayokuhusu. Tunakuarifu yaliyomo ili uyafahamu kabla ya kuhojiwa.*

*Kwanza, mlalamikaji ameeleza kuwa Jumanne tarehe 6 Mei 2025, mwisho wa zamu ya mchana, kwenye korido ya chumba cha kubadilishia nguo, ulimwambia maneno haya: "Ukinielewa, zamu za usiku utazisikia kwa wenzako."*

*Pili, mlalamikaji ameeleza kuwa Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, mlangoni mwa chumba cha ubaridi, ulimshika kiuno kwa mkono bila ridhaa yake.*

*Tatu, ratiba iliyobandikwa Jumatatu tarehe 12 Mei 2025 inaonyesha mlalamikaji amepangwa zamu za usiku kwa wiki mbili. Mlalamikaji ameeleza kuwa alipangwa hivyo kwa sababu ya matukio mawili yaliyotajwa hapo juu.*

*Ofisi haijafikia uamuzi wowote kuhusu ukweli wa malalamiko haya. Barua hii si onyo wala si hati ya mashtaka ya nidhamu. Unaitwa kwenye mahojiano Alhamisi tarehe 22 Mei 2025, saa 4 asubuhi, ofisi ya rasilimali watu, ili utoe maelezo yako. Unaweza kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kama una nyaraka, ujumbe wa simu au majina ya watu unaoona wanafaa kusikilizwa, uje navyo.*

*Hadi uchunguzi utakapokamilika, kazi ya kupanga zamu itafanywa na msimamizi mwingine. Hatua hii si adhabu na haigusi mshahara wala cheo chako. Unatakiwa usizungumze na mlalamikaji kuhusu jambo hili, wewe mwenyewe wala kwa kumtuma mtu, na usimchukulie hatua yoyote kwa sababu ya kulalamika. Mawasiliano ya kikazi pekee yapitie kwa ........*

Halafu sahihi yako na nafasi ya yeye kusaini kwamba *amepokea*. Neno liwe hilo, "nimepokea", lisiwe "nimekubali". Nimeona fomu za kampuni kubwa zimeandikwa "nimesoma na kukubali yaliyomo", na mtu mwenye akili timamu anakataa kusaini, halafu kukataa kwake kunaandikwa kama utovu wa nidhamu wa pili.

Utaona "bila ridhaa yake" nimeiweka kwenye tuhuma ya pili. Hakikisha binti amesema hivyo kwa maneno yake kabla hujaiandika. Kama hakusema, mwulize tu, "Ilikuwaje?", usimtilie maneno mdomoni. Na kichwa cha barua kisibebe tuhuma. "YAH: UNYANYASAJI WA KINGONO" kwa herufi kubwa ni tangazo, mhudumu anayepitisha faili atalisoma akiwa mlangoni.

Mbona sikutaja kifungu cha sera ya kampuni? Kwa sababu bado hujui ni kipi. Ukishamhoji na kuwasikia wengine, huenda kikabaki kimoja kati ya vitatu, na hicho ndicho kitakachopewa jina la kosa kwenye barua ya kikao. Niliwahi kulipuuza hili nikiwa na umri kama wako. Nilimwandikia mtunza stoo "wizi wa mifuko 11 ya saruji" siku ileile hesabu ilipopungua. Baada ya siku nne mifuko ikaonekana banda la pili, imeingizwa kwenye hati ya mzigo mwingine. Nikaandika barua ya kufuta. Mzee yule hakuwahi kuniitikia salamu tena mpaka alipostaafu, na nilipokumbuka neno nililotumia sikuweza kumlaumu. Kilichokuwepo siku ile kilikuwa upungufu wa mifuko 11 kati ya daftari na stoo, maneno yanayotosha kabisa kumwita mtu na kumwuliza.

Kukabidhi nako kuna namna yake. Mwite ofisini, mlango umefungwa, si kwenye meza za uzalishaji wala kwenye kundi la wasapu. Usimpe Ijumaa jioni akalale nayo siku mbili bila mtu wa kumwuliza. Mpe Jumatatu mwisho wa zamu, ili asirudi nayo kwenye meza ileile aliyopo binti. Mwambie, "Hii ni barua ya kukuarifu malalamiko, isome, kama kuna neno hulielewi niulize." Akitaka asomewe, msomee.

Karibu kila mtu, akimaliza aya ya kwanza, huanza kujieleza palepale. "Yule binti ana chuki na mimi kwa sababu..." Hapo ndipo maafisa wengi wanaharibu: wanavuta kiti, wanauliza maswali, na mahojiano ya Alhamisi yameshafanyika Jumatatu, bila maandishi na bila mwenzake. Mzuie kwa upole. "Kaka, nimekusikia kwamba una maelezo. Nataka niyapate yote Alhamisi, ukiwa umejiandaa na mwenzako yupo." Akishatoka, andika alichokisema kabla hujamzuia, weka tarehe na saa. Akikataa kusaini, usigombane. Mwite mtu mmoja wa ofisi ashuhudie kwamba barua imetolewa, aandike hivyo kwenye nakala yako na kusaini. Nakala nyingine aondoke nayo hata kama hakusaini.

Siku tatu kutoka Jumatatu hadi Alhamisi zinatosha kwa jambo hili. Zile saa 48 za kanuni ni za kikao cha nidhamu, si za mahojiano haya, ila sioni kwa nini umpe mtu pungufu ya hapo akakumbuke alikuwa wapi wiki mbili zilizopita. Akiomba siku moja zaidi kwa sababu mwakilishi wake yuko zamu ya usiku, mpe, uandike kwamba umempa.

Kama Alhamisi kutajitokeza jambo jipya, mfano msichana wa pili anakuja na lake, usilitumbukize katikati ya mahojiano. Mwandikie supavaiza barua ya nyongeza kwa mtindo uleule, tarehe, mahali, maneno, halafu umwite tena. Vinginevyo atakuwa amehojiwa kwa jambo ambalo hakuarifiwa, na barua yako nzuri ya kwanza haitakusaidia kitu.

Anabaki meneja. Usimwambie barua yake ni mbaya, utajenga ukuta. Mwambie hivi: "Bosi, hili likifika kikao cha nidhamu tutahitaji mwenyekiti wa ngazi ya juu ambaye hajahusika na jambo hili. Ukisaini barua inayosema amebainika, mwenyekiti huwezi kuwa wewe." Mameneja wengi wanapenda kile kiti. Ile rasimu yake, kama bado haijatoka mikononi mwenu, ibaki kuwa rasimu. Kama ameshaituma kwa barua pepe kwa mtu yeyote, jua ipo na itapatikana, kwa hiyo mtafute mwenyekiti mwingine tangu sasa, hata kama kikao hakitaitishwa.